Mwendokasi: amua njia ukiwa bado nje ya geti

Kwenye daladala unaweza kupanda kwanza ukauliza baadaye. Konda akikwambia gari halifiki huko, unashuka kituo kinachofuata na hela yako mkononi. Mwendokasi wa Dar es Salaam hauna konda. Nauli unailipa dirishani, tiketi inasomwa getini, na ukishapita hapo kosa la njia utalilipia kwa nauli ya pili au kwa kusimama sana. Ndiyo maana kazi kubwa ya kujiandaa iko upande wa nje.

Anza na jina la mwisho wa njia. Mabasi ya Barabara ya Morogoro, ambayo yalianza kubeba abiria Mei 2016, yanatoka Kimara na kugawanyika mara mbili. Mgawanyiko wa kwanza uko Magomeni, ambako yanayokwenda Morocco yanakata kushoto kuingia Barabara ya Kawawa na kupita Mkwajuni na Kinondoni. Wa pili uko Fire: yanayokwenda Gerezani yanaingia Mtaa wa Msimbazi, na yanayokwenda Kivukoni yananyoosha kupitia DIT na Kisutu. Kwa hiyo anayekwenda sokoni Kariakoo atafute Gerezani na ashuke huko au Msimbazi Polisi. Anayekwenda Posta, au kuvuka pantoni kwenda Kigamboni, atafute Kivukoni. Kumwuliza mtu "hili linakwenda mjini?" hakukusaidii, maana yote mawili yanakwenda mjini. Uliza kwa jina la mwisho.

Ukishajua jina hilo, tazama mambo mawili kabla ya kukata tiketi: hali ya Jangwani, ambayo tutairudia, na chenji. Noti ya 10,000 asubuhi ni mtihani kwa mwenye dirisha, na foleni iliyo nyuma yako haitakuonea huruma. Beba hela iliyokaribia nauli iliyobandikwa. Mwenye kadi aangalie salio akiwa nje, kwa sababu kadi ikikataa getini itabidi arudi kinyume na watu wanaosukuma kuingia. Tiketi ya karatasi usiikunje katikati ya ile alama ya mraba yenye vidoti. Mkunjo au jasho la kiganja vikiiharibu, mashine haiisomi, na hapo unabaki ukisubiri mhudumu wa geti.

Ndani ya kituo ndiko namba za milango zinakoanza kuchanganya watu. Namba si ya basi. Ni alama ya sehemu ya jukwaa ambako basi linasimama, na njia inayotumia mlango huo huandikwa juu yake au hutangazwa na wahudumu. Kwenye vituo vikubwa vya mwisho kama Kimara, tafuta mlango wa njia yako na upange foleni hapo tangu mwanzo, hata kama mlango wa jirani hauna watu. Vituo vya katikati ya barabara vinatumika kwa pande zote mbili: upande mmoja wa jukwaa mabasi yanakwenda mjini, upande wa pili yanatoka. Ukiingia, simama kwanza uone magari ya kila upande yanaelekea wapi, kisha uchague mlango.

Kuchagua mlango peke yake hakutoshi, maana mabasi hayalingani urefu. Yapo ya mita 18, yale yenye kiungo katikati, na yapo ya mita 12. Fupi likisimama, milango yake haifiki kote ambako milango ya refu ingefika, na aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni anaweza kujikuta mbele ya kioo kisicho na mlango. Tena mabasi mawili yakiingia pamoja, la nyuma husimama nyuma, mbali na ulipokuwa unasubiri. Kwa hiyo likikaribia soma maandishi ya mbele ya basi, hata kama umesimama kwenye mlango sahihi. Hayo ndiyo ya kuamini kuliko namba. Na usishangae basi likikupita bila kusimama: vituoni kuna njia ya kupitana kwa ajili ya yale yanayoruka baadhi ya vituo, na mengine yanapita kwa sababu yamejaa. Wa Kagera na Mwembechai wanalijua hili vizuri. Saa 1 asubuhi basi la kutoka Kimara likifika kwao, nafasi ya mguu ni ya kutafuta. Wengine hugeuza, yaani hupanda linalorudi Kimara ili wapate kiti. Ujanja huo unafaa kwa mwenye muda, ila ajiandae kushushwa mwisho wa njia na kulipa upya.

Sasa chukua mfano wa mtu wa Kimara anayekwenda Mkwajuni. Basi lake ni la Kimara kwenda Morocco, moja kwa moja. Tuseme lina foleni ndefu, na la Kivukoni limeingia lina nafasi. Apande hilo, ashuke Magomeni Mapipa, ambako hupita mabasi ya Kivukoni, Gerezani na Morocco. Hapo asitoke getini. Ahame kwenda upande wa pili wa jukwaa, kwa sababu sasa anahitaji basi linalotoka mjini, na asubiri linalosomeka Morocco. Litarudi kidogo kuelekea Usalama, kisha litakata kulia kuingia Kawawa. Akipanda linalosomeka Kimara atajikuta anarudi nyumbani. Safari nzima ni nauli moja, mradi hajavuka geti. Akitoka nje hata kununua maji tu, atakata tiketi nyingine.

Kanuni hiyo hiyo humwokoa aliyepotea. Ulitaka Posta, na baada ya Fire basi likakata kona kuingia Msimbazi: umo kwenye la Gerezani. Shuka Msimbazi Polisi, ubaki ndani, vuka upande wa pili, panda linalotoka Gerezani, rudi hadi Jangwani, kisha upande la Kivukoni. Kama huna mzigo na jua si kali, kutoka na kutembea kunaweza kuwa haraka zaidi.

Limebaki la Jangwani. Barabara pale inakatiza bonde la Mto Msimbazi, na mvua kubwa ikinyesha, hasa masika ya Machi hadi Mei, maji huweza kupanda juu ya lami. Huduma ya kati ya Magomeni na mjini husimama, huku mabasi ya upande wa Kimara yakiendelea hadi Magomeni au Morocco. Mvua inaweza kuwa imenyesha juu huko, Kimara pakawa pakavu, hivyo anga la kwako lisikudanganye. Ukiona mabasi yanayosomeka Kivukoni hayapo kabisa, uliza dirishani kabla ya kutoa hela: "Jangwani panapitika?" Ukijibiwa hapana, na safari ni ya Posta, kata tiketi ya kwenda Morocco. Ukishuka pale uko kwenye Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, na daladala za Posta zinavuka Msimbazi kwa Daraja la Selander, karibu na bahari. Foleni ya magari itakuwa ndefu siku hiyo kwa kuwa kila mtu amekimbilia huko, kwa hiyo ondoka mapema, na uwe na nauli ya daladala kwa sarafu.