Hesabu pumzi za ng'ombe saa nane mchana

Kabla hujamgusa ng'ombe, simama kando umtazame ubavuni. Ubavu ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Ng'ombe mzima aliyetulia huvuta pumzi kama 20 hadi 40 kwa dakika. Zikizidi 60, joto limeshaanza kumsumbua, hata kama bado anatafuna. Zikipita 100, udenda unamtoka na ulimi uko nje, hiyo ni dharura.

Tuseme umehesabu 38, yaani 76 kwa dakika. Tazama na wenzake. Wakiwa wote wanahema hivyo, wamesimama badala ya kulala na kucheua, chanzo ni joto. Akiwa mmoja tu, shuku ugonjwa, umwite mtaalamu wa mifugo.

Sasa inua macho. Mara nyingi utakuta banda lina bati, lakini limeezekwa chini mno, na ng'ombe anachomwa na bati lenyewe. Kivuli cha mti ni bora kuliko banda la namna hiyo. Kama huna mti, paa liwe juu, mita tatu na zaidi, na pande ziachwe wazi upepo upite.

Hori la maji nalo lisogezwe kivulini. Ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa siku ya joto, lakini maji yaliyopata moto juani hatayanywa ya kutosha. Ukimmwagia maji, yafike kwenye ngozi, na pawe na upepo wa kuyakausha. Ndani ya banda lililofungwa utaongeza unyevu tu, na hali itakuwa mbaya zaidi. Baada ya nusu saa hesabu tena. Zisiposhuka, kuna kitu hujakirekebisha.

Kuku ana shida kubwa zaidi, kwa sababu hatoki jasho. Hupoza mwili kwa kutweta, mdomo wazi, mabawa ameyaachanisha na mwili. Kutweta huko humfaa tu hewa ikiwa kavu na inasogea, kwa hiyo yale maturubai ya kuzuia baridi ya usiku yakunjwe asubuhi na mapema, upepo upite usawa wa kuku wenyewe, siyo juu ya vichwa vyao. Kuku wa mayai akitweta siku nyingi, maganda huwa membamba. Wengi hukimbilia kuongeza chokaa kwenye chakula na kusahau banda.

Chakula kiondolewe saa chache kabla ya jua kali, kwa kuwa usagaji wake huongeza joto mwilini, warudishiwe jioni. Maji yasiondoke kamwe. Bomba likipita juu ya paa, yafungulie yale ya moto yatoke kwanza. Na mchana wa joto usiwakamate wala kuwachanja: kuku anayetweta akikurupushwa anaweza kufa mikononi mwako.