SOMO: Umeombwa kulinganisha nyaraka mbili, imekuja moja

Wakuu, naliandika hili mara moja ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu. Mtu anasema "linganisha mkataba wa zamani na mpya, niambie kilichobadilika", ukifungua unakuta waraka mmoja. Fanya hivi kabla hujaanza kazi.

1. Hesabu mafaili yaliyokuja.

2. Yafungue yote. Kiungo kinachodai ruhusa ni faili ambalo halijafika.

3. Hakikisha hayo mawili si faili moja lenye majina mawili. Linganisha alama zao za SHA-256, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Kwenye Linux:

```
sha256sum zamani.docx mpya.docx
```

Kwenye Windows, endesha hii kwa kila faili:

```
certutil -hashfile zamani.docx SHA256
```

Alama zikifanana, una waraka mmoja. Zikitofautiana, usishangilie bado: faili likihifadhiwa upya tu, alama hubadilika hata kama hakuna neno lililoguswa.

4. Angalia kama waraka ulionao unamzungumzia mwenzake ambaye hayupo. Hapa ndipo watu wanaangukia, kwa sababu waraka wa namna hii unakupa hisia kwamba umesoma yote mawili.

Tuseme limekuja faili moja, "Marekebisho ya Mkataba wa Upangaji". Ndani yake: "Kifungu cha 7.2 kinafutwa na nafasi yake inachukuliwa na hiki: Mpangaji atatoa notisi ya maandishi ya siku 60." Ujumbe wa aliyetuma unasema: "Tumeongeza notisi kutoka siku 30, linganisha na wa mwanzo." Mkono unawasha kuandika: zamani 30, sasa 60. Usiandike. Hiyo 30 imetoka kwenye ujumbe wa mtu, haimo kwenye waraka wowote uliousoma. Huenda 7.2 ya mwanzo ilisema 90. Huenda ilihusu notisi ya mwenye nyumba, au ilikuwa na sharti la pili ambalo limefutwa kimyakimya pamoja nayo. Hilo sharti lililopotea ndilo mteja alitaka umwonyeshe, na kwenye marekebisho halionekani kabisa.

Kipimo changu ni jedwali la safu mbili, "zamani" na "mpya", na kila kisanduku kiwe na namba ya ukurasa ulikotoa maneno. Safu nzima ikikosa namba za kurasa, huna waraka huo. Maneno ya kukushtua ni "kinafutwa", "kama kilivyorekebishwa", "vifungu vingine vyote vinabaki kama vilivyo", na kiambatisho kinachotajwa lakini hakipo.

5. Rudi kwa aliyekutuma, utaje unachokosa kwa jina: "Nimepokea Marekebisho pekee. Naomba mkataba wa mwanzo wenye kifungu cha 7.2. Kwa sasa naweza kukueleza marekebisho yanasema nini, lakini siwezi kusema yamebadilisha nini." Ukisema "faili halijakamilika" tu, utatumiwa lilelile tena.

MASWALI

Mjukuu_wa_Karani: Mkuu, mimi nimeletewa moja lakini boss anataka leo. Si nitafute mkataba wa kawaida mtandaoni nilinganishe nao?

Mwandishi: Hapana. Utakuwa umelinganisha na mkataba wa watu wengine. Soma hatua ya 5.

Mjukuu_wa_Karani: Lakini mikataba yote inafanana.

Mwandishi: Ingefanana, boss asingeuliza.

Bi_Rasimu: Shikamoo mwalimu. Na faili moja la Word lenye alama za mabadiliko, yale maneno mekundu yaliyokatwa? Si lina nyaraka zote mbili ndani?

Mwandishi: Marahaba, dada, swali zuri sana. Linakaribia kuwa nazo, lakini si hakika. Tengeneza nakala, kisha kwenye Review bonyeza Reject All Changes; utapata maandishi yalivyokuwa kabla ya mabadiliko *yaliyorekodiwa*. Mtu akizima Track Changes akafuta mstari, akawasha tena, mstari ule hauachi alama. Na mabadiliko yaliyokwisha kukubaliwa yanaonekana kama yalikuwapo tangu mwanzo. Kwa hiyo kwenye ripoti andika "mabadiliko yaliyorekodiwa ndani ya faili hili", na bado uombe nakala iliyosainiwa. Ikija, zipitishe zote mbili kwenye Compare, palepale Review. Kitakachojitokeza huko na hakikuwa na rangi ndicho cha kuuliza.

Bi_Rasimu: Na ikija imeskaniwa?

Mwandishi: Compare haisomi picha. Igeuze kuwa maandishi kwanza, kisha hakiki tarakimu zote kwa macho, maana programu za kugeuza picha kuwa maandishi wakati mwingine husoma 6 kama 8. Angalia pia mguu wa kurasa: "Ukurasa 9 kati ya 12" ukiwa ndio wa mwisho, una waraka mmoja na robo tatu.

Kalamu_Nyekundu: Mimi naomba mafaili yaitwe kwa tarehe ya kusainiwa. "Mpya_mwisho_kabisa" imenichosha.

Mwandishi: Na mimi. Weka mwaka mbele, 2024-03-15, yajipange yenyewe.