Somo: Sera inamwacha nani nje? Kuwapanga wasiohusika kwenye jedwali

Anayeuliza "mimi nahusika au sihusiki?" hataki kusomewa sera nzima. Anataka jina la kundi lake, sababu, na kifungu cha kumwonyesha bosi. Hilo ndilo jedwali tutakalolitengeneza leo. Nimetunga sera fupi ya ufadhili wa masomo kwa wafanyakazi ili tufanye kazi kwa mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Isome mara mbili kabla ya kuendelea.

> 1. Katika sera hii, "mfanyakazi" ni mtu aliyeajiriwa na taasisi kwa mkataba wa miezi 12 au zaidi.
> 2. Kila mfanyakazi aliyemaliza kipindi cha majaribio anaweza kuomba ufadhili wa hadi asilimia 70 ya ada.
> 3. Kifungu cha 2 hakitamhusu mfanyakazi aliyebakiza chini ya miezi 6 katika mkataba wake, isipokuwa kama mkataba umekwisha kuongezwa kwa maandishi.
> 4. Mfanyakazi aliye chini ya hatua za kinidhamu hatapokea malipo mpaka shauri lake limalizike.
> 5. Ufadhili utatolewa kwa kozi zinazohusiana na kazi ya mwombaji pekee.
> 6. Mfanyakazi aliyewahi kufadhiliwa hataomba tena kabla ya miaka 2 kupita, ila kwa kozi inayotakiwa kisheria ili aendelee na kazi yake.

Hatua ya 1: Tafuta maneno, lakini usiyaamini

Wengi huanza kwa Ctrl+F. Si vibaya, ila Kiswahili kina vituko vyake. Ukitafuta "ila" utaletewa kila "kila" na kila "bila" iliyomo kwenye waraka, kwa hiyo weka nafasi kabla na baada ya neno. "Tu" ni mbaya zaidi, kwa sababu imo ndani ya "mtu", "watu" na "kitu". Vipande vinavyozaa matunda ni "sipo" (hukamata isipokuwa, asipowasilisha, wasipolipa), "siye", "sio", "siyo" na "sizo" (asiye, wasio, isiyo, zisizo), halafu "pekee", "mradi" na "endapo".

Sasa jaribu maneno hayo kwenye sera yetu. Utapata kifungu cha 3, cha 5 na cha 6. Nusu ya sera haijaguswa! Kifungu cha 4 kimekuponyoka kwa sababu ukanushi wetu umo ndani ya kitenzi: "hatapokea". Huwezi kutafuta "ha" ukabaki na akili timamu, maana utaletewa hadi, hata, hali na haki. Vifungu vya 1 na 2 navyo havina ukanushi wowote, lakini vinawaacha watu nje. Hapo hakuna ujanja, lazima usome kwa jicho.

Hatua ya 2: Geuza kila sharti

Kila sifa inayotajwa kumweka mtu ndani, igeuze uone inamtoa nani. "Aliyeajiriwa" inamtoa asiyeajiriwa, kama mshauri anayelipwa kwa ankara. "Mkataba wa miezi 12 au zaidi" inamtoa mwenye mkataba mfupi. "Aliyemaliza majaribio" inamtoa ambaye hajamaliza.

Watengenezaji wengi wa majedwali huanza kusoma kwenye kichwa kilichoandikwa "Wasiohusika" na kuruka tafsiri za maneno. Mimi huanza na tafsiri. Mtu aliyetolewa na tafsiri hatajwi tena popote, kwa hiyo ukimkosa hapo hutamkuta mbele.

Hatua ya 3: Tenganisha "hahusiki" na "anahusika, ila bado"

Hapa ndipo nilipowahi kuharibu. Kwenye kazi moja ya zamani nilikuta kifungu kinachofanana na cha 4, nikaandika kwenye jedwali: "Mwenye shauri la kinidhamu: hahusiki." Mtu mmoja alisoma jedwali langu, akaacha kuomba. Shauri lake likaisha bila yeye kukutwa na kosa, lakini muda wa maombi ulikuwa umeshafungwa. Sera haikumkataza kuomba. Ilikuwa imezuia malipo tu, tena kwa muda.

Tangu siku ile nina safu inayouliza: amezuiwa kufanya nini hasa? Kuomba, kupokea, au hayumo kabisa? Jibu lichukue kutoka kwenye kitenzi cha kifungu, usilibuni.

Hatua ya 4: Andika jedwali

| Nani | Amezuiwa nini | Sababu, kwa maneno ya sera | Kifungu | Kinachomrudisha |
|---|---|---|---|---|
| Asiyeajiriwa (mfano: mshauri) | Hayumo kabisa | si "mtu aliyeajiriwa na taasisi" | 1 | Hakuna, maadamu hajaajiriwa |
| Mwenye mkataba chini ya miezi 12 | Hayumo kabisa | mkataba si wa "miezi 12 au zaidi" | 1 | Mkataba mpya wa miezi 12 au zaidi |
| Aliye kwenye majaribio | Kuomba | si "aliyemaliza kipindi cha majaribio" | 2 | Kumaliza majaribio |
| Aliyebakiza chini ya miezi 6 | Kuomba | "hakitamhusu" | 3 | Mkataba ulioongezwa kwa maandishi |
| Mwenye shauri la kinidhamu | Kupokea malipo. Kuomba anaweza | "hatapokea malipo mpaka shauri lake limalizike" | 4 | Shauri kumalizika |
| Aliyefadhiliwa ndani ya miaka 2 | Kuomba | "hataomba tena" | 6 | Miaka 2 kupita, au kozi inayotakiwa kisheria |

Kifungu cha 5 hakimo. Kinatenga kozi, hakitengi watu. Kiweke kwenye jedwali dogo la pili, "Kozi zisizofadhiliwa", usije ukamwandika mtu wa uhasibu kuwa hahusiki kwa sababu tu mwaka huu ameomba kozi ya upishi.

Kuhusu safu ya sababu, nina ukali kidogo. Vishawishi ni vingi vya kuandika "kwa sababu taasisi inaogopa mtu asome halafu aondoke". Huenda ni kweli kwa kifungu cha 3, lakini sera haikusema hivyo. Ukiiandika, kesho mtu atajitetea kwamba yeye ana nia ya kubaki, na jedwali lako litakuwa limempa hoja ambayo sera haina. Kama sera imetaja lengo, linukuu. Kama haikutaja, maneno ya kifungu yanatosha.

Hatua ya 5: Pitisha watu wa kubuni

Tunga watu watano au sita, hasa wenye mambo mawili kwa pamoja. Mwamue kila mmoja kwa kusoma sera peke yake, halafu mwamue tena kwa jedwali peke yake. Majibu yakitofautiana, jedwali lina kasoro.

Chukua huyu: amebakiza miezi 4, mkataba haujaongezwa, alifadhiliwa mwaka jana, na sasa anataka kozi ambayo sheria inamtaka aifanye ili aendelee na kazi yake. Anayesoma haraka ataona mstari wa mwisho, "kozi inayotakiwa kisheria", na kusema amerudi ndani. Hajarudi. Ile "ila" ya kifungu cha 6 inafungua mlango wa kifungu cha 6 tu. Kifungu cha 3 kimemfungia mlango mwingine, na funguo yake ni mkataba ulioongezwa. Ndiyo maana juu ya jedwali mimi huandika kwa wino mzito: mtu akiingia kwenye mistari miwili, lazima afunguliwe yote miwili.

---

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kwetu kuna watu wana mikataba ya miezi 6 iliyorudiwa mara tatu mfululizo. Wamefanya kazi mwaka na nusu. Niwaweke mstari wa pili?

Jibu: Marahaba. Maneno ya sera ni "kwa mkataba wa miezi 12 au zaidi". Hayasemi "aliyefanya kazi miezi 12". Ukiyasoma kama yalivyo, hakuna hata mkataba wao mmoja unaofika. Lakini mwingine anaweza kudai kwamba mikataba iliyofuatana bila pengo ihesabiwe kama mmoja, na sera haijamkataza. Hapo wewe si hakimu. Waandikie mstari wao, na kwenye "Amezuiwa nini" uandike "Haijaamuliwa", kisha umpelekee mwenye sera swali kwa maandishi. Akijibu, weka jibu lake na tarehe. Usiwafiche ndani ya mstari wa pili, watu hawa ndio wa kwanza kuja kuuliza.

Swali: Mshauri na mwenye mkataba mfupi wote wametolewa na kifungu cha 1. Kwa nini usiwaweke mstari mmoja ili jedwali liwe fupi?

Jibu: Angalia safu ya mwisho. Mmoja akipewa mkataba mrefu anaingia. Mwingine hata akifanya kazi miaka 5 kwa ankara, yuko nje. Nikikuta mistari miwili ina majibu sawa kwenye safu zote, naiunganisha. Ikitofautiana hata safu moja, naiacha.

Swali: Na mwenye ajira ya kudumu? Mkataba wake hauna mwisho, sasa "aliyebakiza" nini?

Jibu: Hana cha kubakiza, kwa hiyo kifungu cha 3 hakimgusi. Sihitaji mstari wa mtu ambaye hajaachwa nje. Ila kama maswali ni mengi, weka maelezo mafupi chini ya jedwali.

Swali: Samahani, tuseme mimi nimebakiza miezi 6 kamili leo. Jedwali linasema "chini ya miezi 6", basi niko ndani. Lakini kozi inaanza baada ya wiki 3, na wakati huo nitakuwa nimebakiza miezi 5 na siku kadhaa. Tunahesabu kuanzia lini?

Jibu: Umenikamata. Miezi 6 kamili si chini ya 6, hilo liko wazi. Siku ya kuhesabia ndiyo sera haikuitaja: inaweza kuwa siku ya kuomba, ya kuidhinishwa, au ya kozi kuanza, na kwako majibu hayo yanatofautiana. Nilinakili "chini ya miezi 6" bila kuuliza "kufikia lini". Naongeza mstari wa "Haijaamuliwa" kwa ajili yako. Wewe peleka ombi leo hii, ukiwa bado na miezi 6 kamili, na barua ya kuuliza iende siku hiyohiyo.