Mambo ya kuzingatia kabla ya kutafuta sauti ya msimulizi

Tuchukue mfano wa maelekezo ya dakika 3 kuhusu kupuliza salfa ili kuukinga mkorosho na ugonjwa wa ubwiriunga, ambayo wakulima wa Newala na Tandahimba watayasikiliza kwenye simu zao. Kabla ya kumwita msimulizi, au kuchagua sauti ya kompyuta, andika ukurasa mmoja unaoeleza sauti unayoihitaji.

Anza na uhusiano wa msemaji na msikilizaji, kwa kuwa neno kama "ya kirafiki" kila mtu hulielewa kivyake. Ukiandika kwamba anayesema ni bibi shamba wa miaka 40 hivi, aliyesimama chini ya mkorosho na mkulima aliyemzidi umri, ambaye anamwelekeza bila kumkaripia, umri na hisia vimekwisha kueleweka kwa pamoja.

Lafudhi ndiyo iliyowahi kunigharimu. Niliandika "lafudhi ya Kimakonde", nikaletewa rekodi ya mtu anayeigiza Wamakonde kama afanyavyo mchekeshaji, na wazee wa Newala niliowasikilizisha walinyamaza tu. Siku hizi huandika: "Kiswahili cha kila siku cha mtu aliyekulia Masasi au Newala, asiigize," kisha huambatanisha rekodi ya nusu dakika ya mtu wa huko, kwa ridhaa yake. Kwa sauti ya kompyuta uchaguzi ni mfinyu, kwani orodha ya sauti hutenganisha `sw-TZ` ya Tanzania na `sw-KE` ya Kenya lakini haikupi lafudhi ya Kusini. Basi omba ya Tanzania isiyo na madoido, wala usiahidi zaidi ya hapo.

Kasi isikadiriwe kwa maneno 150 kwa dakika, kipimo kilichozoeleka katika usimulizi wa Kiingereza, kwa sababu neno letu moja kama "hayajachanua" hubeba kazi ya maneno kadhaa ya Kiingereza na silabi zake ni nyingi. Soma mwenyewe kwa sauti huku ukipima muda: andiko la maneno 315 likichukua dakika 3, kasi yako ni maneno 105, na hiyo ndiyo ya kuandika. Onyesha pia mahali pa kutua, hasa baada ya kipimo cha salfa, maana mkulima anakirudia kichwani.

Mwisho, weka sentensi za majaribio zenye mitego, na usikubali sampuli inayotolewa na muuzaji pekee. Yangu ni hizi: "Puliza tena baada ya siku 14, alfajiri, kabla upepo haujaanza," na "Mzee wa Ng'apa alifuata maelekezo barabara, ingawa shamba lake liko ng'ambo ya barabara." Sikiliza kama 14 inasomwa kwa Kiswahili, kama ng' haigeuki kuwa ng ya "ngoma", na kama mkazo wa "barabara" ya kwanza, yenye maana ya sawasawa, unaangukia silabi ya pili huku wa ile ya kupita magari ukibaki kwenye ya tatu. Msimulizi aliyekulia katika Kiswahili hakosei hapo. Kompyuta ikikosea, jaribu kuandika "sawasawa" kabla ya kuikataa sauti nzima.