Jinsi ya kuhakikisha hakimiliki ya wimbo wa zamani wa dini imekwisha kabla ya kuuchapa kitabuni

Wanaoandaa vitabu vya nyimbo hukwama kwa sababu huuliza swali moja: "Wimbo huu ni wa zamani?" Wimbo uliochapwa kwa sauti nne una mambo manne, na kila moja huweza kuwa na mwenyewe: maneno ya asili, tafsiri, tuni, na mpangilio wa sauti. Chukua karatasi moja kwa kila wimbo, uandike manne hayo, na mbele ya kila moja jina la aliyelifanya na mwaka aliofariki.

Majina hupatikana juu au chini ya wimbo katika vitabu vya zamani. Yasipokuwepo, tafuta kwenye hymnary.org kwa mstari wa kwanza katika lugha ya asili, kwa kuwa kichwa hubadilika kutoka kitabu hadi kitabu. Ukiona pameandikwa "Public Domain", yaani hakimiliki imekwisha, usifunge faili. Mara nyingi maneno hayo hufuata sheria ya Marekani, ambako kazi za zamani huhesabiwa miaka 95 tangu kuchapishwa. Kwingineko huhesabiwa tangu kifo cha mtunzi, miaka 50 katika baadhi ya nchi na 70 katika nyingine. "Great Is Thy Faithfulness" ulitoka 1923, na Marekani uko huru tangu Januari 1, 2019. Lakini Thomas Chisholm, aliyeandika maneno yake, alifariki 1960. Penye miaka 70 baada ya kifo, maneno hayo yanalindwa hadi mwisho wa 2030. Hesabu kwa sheria ya nchi ambamo kitabu kitachapwa na kugawiwa, na kumbuka kuwa ulinzi humalizika Desemba 31 ya mwaka wa mwisho, si siku ya kumbukumbu ya kifo.

Kazi kubwa iko kwenye tafsiri. Chukua "Bwana Mungu Nashangaa Kabisa", ambao karibu kila kamati huuweka kwenye orodha ya nyimbo zisizo na shida. Shairi la asili ni la Kiswidi, lililoandikwa na Carl Boberg mwaka 1885. Boberg alifariki 1940, kwa hiyo hata kwa hesabu ya miaka 70 maneno yake yako huru tangu 2011. Tuni ni ya kienyeji ya Uswidi. Hapo wengi huandika "huru" na kwenda kwa mchapaji.

Ila wimbo huo haukuenea duniani kwa Kiswidi. Ulienea kwa Kiingereza cha Stuart Hine, kilichochapishwa 1949, na Hine alifariki 1989. Penye miaka 50 kazi yake inalindwa hadi mwisho wa 2039, penye 70 hadi mwisho wa 2059. Tafsiri iliyotokana na Kiingereza chake imejengwa juu ya kazi yake, hivyo inahitaji ruhusa ya upande wake pamoja na ya mtafsiri wa Kiswahili.

Utajuaje imetoka wapi? Soma ubeti wa tatu. Ubeti unaosimulia Mungu kumtoa Mwanawe afe msalabani aliutunga Hine mwenyewe, hautoki kwa Boberg. Ukiukuta katika tafsiri yako, umefuata Kiingereza. Kuufuta ubeti huo hakutoshi, kwa sababu beti nyingine nazo huenda zimepitia mkononi mwake.

Ukifika hapo una njia mbili safi. Ya kwanza ni kumpa mtu anayejua Kiswidi atafsiri upya kutoka kwa Boberg bila kuangalia toleo lililozoeleka, kisha asaini kwamba anaruhusu ichapwe. Ya pili ni kumwandikia mwenye haki ukitaja beti utakazotumia, lugha, idadi ya nakala, na kama kitabu kitauzwa au kitagawiwa bure. Pata jibu la maandishi kabla ya kupanga kurasa, maana wimbo ukitolewa baadaye namba zote zinazofuata zinahama pamoja na faharasa.

Mpangilio wa sauti nao usiupite. Tuni ya karne ya 19 inaweza kuwa imepangiwa sauti nne upya mwaka 1985, na ukipiga picha ukurasa huo umechukua kazi ya mpangaji, na katika baadhi ya nchi hata mchapo wenyewe una ulinzi wake. Tafuta kitabu cha zamani kilichoskaniwa kwenye archive.org, hakikisha mpangaji naye muda wake umepita, kisha andika noti upya kutoka hapo.

Neno "asilia" mahali pa jina la mtunzi lichukulie kama pengo. Mara nyingi maana yake ni kwamba mhariri aliyetangulia hakutafuta. Linganisha matoleo mawili au matatu ya zamani, na jina lisipopatikana andika kwenye karatasi yako ni kitabu gani cha mapema zaidi ulichouona wimbo huo, mwaka wake na ukurasa.