Kuitoa riba ya kipindi cha ujenzi kwenye mtiririko wa fedha wa mradi: mfano wa kiwanda cha barafu Igombe

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukisaidia kikundi cha wafanyabiashara wa sangara wa Igombe, nje kidogo ya jiji la Mwanza, kupima mpango wao wa kiwanda cha barafu chenye chumba cha baridi. Jedwali walilokuja nalo lilionyesha hasara, ingawa mradi wenyewe ulikuwa na faida. Tarakimu za hapa nimezilainisha ili zifuatike kwa urahisi.

Hatua ya 1: Andika malipo ya ujenzi peke yake. Mkandarasi na wauza mitambo wanalipwa shilingi milioni 600 leo (mwaka 0) na milioni 600 nyingine baada ya mwaka mmoja. Mwaka wa 2 ni wa kumalizia na kufanya majaribio bila malipo mapya. Kuanzia mwaka wa 3 hadi wa 10 kiwanda kinaingiza milioni 360 kila mwaka, baada ya gharama za uendeshaji na kodi.

Hatua ya 2: Tafuta kiwango cha punguzo. Nusu ya mtaji ni mkopo wa riba ya asilimia 15, ambayo baada ya nafuu ya kodi ya kampuni ya asilimia 30 inabaki 10.5. Nusu nyingine ni ya wamiliki, wanaotaka asilimia 21.5. Wastani ni asilimia 16.

Hatua ya 3: Kokotoa thamani halisi ya sasa.

```
=B5+NPV(16%,C5:L5)
```

Mwaka 0 unakaa B5, nje ya mabano. Katika D5, yaani mwaka wa 2, andika 0. Ukiiacha tupu, Excel itairuka na mapato yote yatahesabiwa mwaka mzima mapema. Jibu ni faida ya takriban milioni 45.

Hatua ya 4: Toa riba popote ilipojificha. Hapa ndipo kazi ilipo. Mkopo unachukuliwa milioni 300 leo na milioni 300 mwakani, na riba inaongezwa juu ya deni hadi ujenzi uishe: milioni 45 mwaka wa 1, kisha asilimia 15 ya milioni 645, yaani 96.75. Jumla ni milioni 141.75. Kikundi kilikuwa kimeziweka kwenye safu ya ujenzi, na faida ya milioni 45 ikageuka hasara ya milioni 66.

Mama anayewawekea hesabu aliniuliza, "Mwalimu, benki si inaidai hii riba? Tunaiachaje?" Swali lake lilikuwa la haki. Benki inaidai kweli, lakini ile asilimia 15 tayari imo ndani ya asilimia 16. Milioni 300 za mkopo tumezihesabu zote siku mkandarasi alipolipwa, na kila shilingi ya mapato tumeipunguza kwa kiwango kinachomlipa mkopeshaji kwa kipindi chote alichosubiri. Tukiongeza milioni 45 juu yake, tumemlipa mara mbili kwa kusubiri kulekule.

Mimi mwenyewe niliwahi kuitoa riba kwenye safu ya ujenzi nikadhani nimemaliza, kisha nikapoteza siku mbili kwa sababu hesabu yangu na ya mwenzangu zilipishana kwa milioni 17. Chanzo kilikuwa uchakavu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 23 kinamtaka mhasibu aingize riba ya kipindi cha ujenzi katika gharama ya mali, kwa hiyo kitabu chake kinasoma milioni 1,341.75, nami nilikuwa nimekokotoa uchakavu kutoka hapo. Ukigawa riba hiyo kwa miaka 8 unapata milioni 17.7 za uchakavu wa ziada kila mwaka, zinazopunguza kodi kwa milioni 5.3; nafuu ya miaka yote 8 ikirudishwa kwenye thamani ya leo ndiyo ile tofauti ya milioni 17. Nafuu hiyo nayo ilikwisha kuhesabiwa tuliposhusha 15 kuwa 10.5. Kosa hili ni la hatari zaidi kwa kuwa linaupendezesha mradi, na mwenye mradi hana sababu ya kulitilia shaka. Mhasibu hajakosea, kitabu chake kina kazi nyingine. Katika jedwali la mradi, uchakavu uanzie kwenye milioni 1,200.

Kipimo ninachokiamini ni kubadilisha riba ya mkopo iwe sifuri huku asilimia 16 ukiiandika kwa mkono. Safu ya mtiririko wa fedha ikitikisika hata kidogo, bado kuna riba mahali fulani.

Hatua ya 5: Ipeleke riba panapohusika. Ninasisitiza karatasi mbili tofauti, moja ya mradi na nyingine ya ufadhili. Katika ya pili riba ni lazima: wamiliki wakileta milioni 600, kikomo cha mkopo wa kuombwa ni takriban milioni 742. Kikundi kikiomba 600 tu, benki itaanza kudai riba ya mwaka wa kwanza kwa fedha taslimu kabla kiwanda hakijauza hata kipande kimoja cha barafu.