Kuku wa kuoka: chumvi ilale naye usiku, ndimu isubiri mezani

Kuku wa oda ya kwanza niliyemwoka nyumbani Kikwajuni alitoka mweupe kama aliyechemshwa. Nilikuwa nimemlaza usiku kucha kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu thomu, kama nilivyozoea kufanya kwa kuku wa kukaanga. Asubuhi nikamtoa kwenye bakuli anachuruzika nikamtia ovenini. Baada ya saa nzima treya ilikuwa imejaa maji, ngozi imelegea kama soksi iliyolowa, na vipande vya thomu vimeungua juu yake. Nikaongeza moto ili ashike rangi. Rangi ilipokuja, kidari kilikuwa kimeshakuwa pamba.

Viungo havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa maji. Maji yaliyo juu ya ngozi huchemka kwenye nyuzi 100, na mpaka yaishe yote, ngozi haipandi zaidi ya hapo. Ile rangi ya kahawia na harufu inayowatoa watoto chumbani huja kwa kasi pale ngozi inapofika kama nyuzi 140. Kwa hiyo kuku aliyelowa hukaa ovenini muda mrefu akijikausha tu, na muda wote huo moto unaendelea kuingia ndani na kukamua nyama. Siku hizi natumia chumvi kavu na friji, usiku mmoja. Ndivyo ninavyofanya kwa kila kuku wa kuoka mzima.

Hatua ya 1: Chagua kuku anayefaa

Mwongozo huu ni wa kuku wa kisasa, wa kilo moja na robo mpaka kilo moja na nusu hivi. Jogoo wa kienyeji aliyekwishakomaa usimpeleke huku. Ugumu wake uko kwenye mishipa na nyuzinyuzi zinazoshika nyama, na hizo hazilainishwi na chumvi, zinalainishwa na maji ya moto na muda. Huyo mchemshe kwanza, au mle kwenye mchuzi wa nazi, atakushukuru.

Akiwa ni kuku wa barafu, myeyushe ndani ya friji mpaka tumbo lote liwe wazi. Kuku mzima huchukua siku nzima au zaidi. Kisha soma maandishi ya kwenye mfuko. Kuku wengine huwa wamekwisha kutiwa maji ya chumvi kiwandani, na maandishi husema. Huyo mpunguzie chumvi yako iwe nusu, la sivyo utakula chumvi yenye kuku.

Hatua ya 2: Mkaushe

Najua wengi wetu hatuwezi kupika kuku bila kumwosha kwa ndimu. Ukiona lazima, mwoshe, lakini taratibu maji yasiruke jikoni, kisha umkaushe kwa tishu za jikoni kila mahali: chini ya mabawa, kwenye kunjo za mapaja, na ndani ya tumbo, ambako maji hujificha. Badilisha tishu mpaka ile ya mwisho itoke karibu kavu.

Hatua ya 3: Pima chumvi, usikisie

Kipimo changu ni gramu 12 za chumvi kwa kila kilo ya kuku pamoja na mifupa yake. Kuku wa gramu 1,400 anataka gramu 17 hivi. Chumvi laini ya paketi, kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 6, kwa hiyo ni vijiko vitatu pungufu kidogo.

Shida huanza kwenye chumvi ya mawe. Kijiko cha chembe kubwa kina nafasi tupu nyingi katikati, kijiko hichohicho cha chumvi laini kimejaa, na ndiyo maana vijiko viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kutofautiana sana kwa uzito. Wifi yangu wa Pemba hutumia chumvi ya mawe. Nilimwambia “vijiko vitatu”, akaitwanga kwanza ikawa laini, kisha akapima kwa kijiko cha kulia wali. Kuku alikuwa mzuri wa rangi na haliki. Kilichomwokoa ni pilau: alimchambua nyama yote akaichanganya kwenye pilau ambalo hakulitia chumvi hata chembe. Mizani ndogo ya jikoni ingemwepusha na hayo. Mimi huitwanga chumvi ya mawe kinuni mpaka iwe kama mchanga wa pwani, halafu naipima kwa mizani.

Changanya chumvi na pilipili manga ya kutwanga. Ukipenda uzile kidogo, weka. Basi, usiongeze kitu kibichi.

Sasa ingiza vidole viwili kati ya ngozi na nyama, kuanzia upande wa shingo, uachanishe ngozi ya kidari taratibu isichanike. Endelea mpaka kwenye mapaja kama vidole vinafika. Karibu nusu ya chumvi iingie humo, moja kwa moja juu ya nyama, maana ngozi ina mafuta na chumvi huipita kwa shida. Iliyobaki mpake nje, nyingi iende kwenye kidari na mapaja kwenye nyama nene, kidogo tumboni, na mabawa yaambulie kilichobaki vidoleni.

Hatua ya 4: Usiku mmoja kwenye friji, bila kufunika

Mweke juu ya wavu ulio juu ya treya, hewa ipite chini yake pia. Aende rafu ya chini kabisa, asije akadondosha maji kwenye chakula kilichopikwa. Usimfunike na bakuli wala nailoni. Ukimfunika, maji hayana pa kwenda, na nusu ya kazi imekufa.

Hapa ndipo watu huogopa. Baada ya nusu saa au saa moja ukifungua friji utamkuta anatoka jasho, matone yamejaa ngozini na mengine yako kwenye treya. Chumvi imeyavuta maji kutoka ndani. Usimfute! Ukimfuta umefuta chumvi yenyewe, maana imeyeyuka ndani ya matone hayo. Mwache. Saa zinavyokwenda, maji hayo ya chumvi hurudi ndani ya nyama polepole, na chumvi ikifika hulegeza protini za nyama, zikashika maji kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo. Moto ukija, protini hujikunja na kukamua, lakini zile zilizolegezwa na chumvi hukamua kidogo. Ndiyo maana kidari kinabaki na maji yake.

Huku juu, hewa baridi ya friji inakausha ngozi. Asubuhi mguse. Ngozi iliyo tayari imekaza kama ya ngoma iliyowambwa, haishiki kidole, na mahali pengine unaona nyama kwa chini. Ikiwa bado inateleza, mrudishe saa tatu nne. Kwenye friji zinazojaza barafu, au wakati wa masika, au friji iliyosongwa vyungu, ngozi hukawia kukauka, na kuku wangu wa msimu huo huwapa saa 24 kamili. Zaidi ya siku mbili sipeleki, nyama huanza kukaza na kuwa kama ya kopo.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friji iliyofungwa hushika baridi kama saa nne. Na kuku huyu halali mezani chini ya kawa, hata usiku wa kipupwe. Chumvi ya kiasi hiki haimhifadhi, na joto letu la usiku ni sikukuu kwa vijidudu.

Hatua ya 5: Ovenini

Usimwoshe tena. Chumvi haipo juu, imekwishaingia. Mpake samli kijiko kimoja kilichoyeyushwa. Siagi ina maji ndani yake, samli haina. Thomu na tangawizi vikiwa lazima, vitwange na samli uvisukume chini ya ngozi au tumboni, visiungue. Ndimu isubiri.

Washa oveni nyuzi 220 na uiache ipate moto barabara. Kuku aingie kidari juu, dakika 20, kisha punguza mpaka 180 kwa dakika 40 hivi. Oveni za gesi zenye moto wa chini tu humbabua mgongo na kumwacha kidari hana rangi. Mpandishe rafu ya juu, na katikati ya muda geuza treya. Kipimajoto kikichomwa kwenye paja nene, bila kugusa mfupa, kionyeshe nyuzi 74 au zaidi. Kama huna, chana kati ya paja na mwili utazame kwenye kiungo: nyama isiwe na wekundu wa kung'aa na mguu ulegee ukiuzungusha. Ukiwa na shaka, mrudishe dakika kumi.

Akitoka, apumzike robo saa, bila kufunikwa. Karatasi ya foili humpa mvuke, na ngozi uliyoihangaikia usiku kucha inalainika mbele ya macho yako.

Nilivyowalinganisha

Mwezi uliopita nilitoa kuku wawili wa katoni moja, kila mmoja gramu 1,400. Mmoja nilimtia chumvi saa mbili usiku, wa pili nikamwacha kwenye friji ndani ya mfuko wake. Saa tano asubuhi wa chumvi alikuwa na gramu 1,365, kwa hiyo alishapoteza gramu 35 kabla ya moto. Yule wa pili nilimtia chumvi ileile hapohapo nikawaingiza pamoja. Kufika dakika ya 25, wa chumvi ya usiku alikuwa na rangi ya karafuu iliyoanza kukauka, mwenzake bado ana rangi ya unga. Walipotoka, wa kwanza alikuwa na gramu 1,090, wa pili 1,045.

Si tofauti kubwa kwenye mizani, na nisingependa mtu adhani chumvi inaongeza maji. Inapunguza yanayopotea. Kinywani tofauti ilionekana zaidi: kidari cha kwanza kilikuwa na chumvi mpaka katikati na kilikatika laini, cha pili kilikuwa na chumvi juu na ndani hakina ladha. Ngozi ya kwanza ililia chini ya kisu. Ya pili mwanangu aliivua akaiweka pembeni ya sahani.

Kitu kimoja cha mwisho kabla hujapakua. Yale mafuta na maji yaliyobaki kwenye treya tayari yana chumvi. Ukiweka mbatata chini ya kuku, usizitie chumvi. Ukifanya mchuzi, ongeza maji ya moto kidogo, ukwangue vilivyoganda, kisha ndiyo ukamue ile ndimu iliyosubiri tangu jana. Onja kwanza, mkebe wa chumvi ukae mbali.